Gramu 100 zilizomfuta Vinesh kwenye fainali ya Olimpiki

SHABIKI wa soka anaujua uchungu wa bao kukataliwa kwa sababu ukucha wa straika ulikuwa mbele ya mstari. Mistari inachorwa kwenye skrini, uwanja mzima unasubiri, halafu refa anapiga filimbi: si bao.

Asubuhi ya Agosti 7, 2024 jijini Paris, uchungu wa namna hiyo ulimpata mwanamieleka Vinesh Phogat wa India, tena wake ulikuwa mkubwa zaidi. Usiku wa siku hiyo alitakiwa kucheza fainali ya Olimpiki ya uzito wa kilo 50. Medali ya fedha alikuwa nayo mkononi tayari, akisubiri kujua kama ingegeuka dhahabu. Alipanda kwenye mizani, ikasoma kilo 50.1.

Zilizozidi ni gramu 100, sawa na yai kubwa moja na nusu. Hakutozwa faini wala kupewa onyo. Aliondolewa mashindanoni na kuwekwa nafasi ya mwisho kabisa, kana kwamba mapambano matatu aliyoshinda siku iliyotangulia hayakuwahi kuchezwa. Siku iliyofuata akatangaza kustaafu.

Watu wengi duniani waliuliza swali moja: gramu 100 zina nini? Lakini swali lenye uzito zaidi ni jingine. Usiku mmoja kabla ya mizani ile, dada huyo alikuwa na kilo 52.7. Zilizotoka mwilini mwake kati ya jioni na asubuhi zilikuwa kilo 2.6. Zilitokaje, na kwa gharama gani?

Kwa nini wapimwe?

Kwenye soka hakuna anayepimwa uzito kabla ya mechi. Lionel Messi ana urefu wa mita 1.70 na amecheza maisha yake yote dhidi ya mabeki wanaomzidi kichwa na mabega. Mdogo kwenye soka ana pa kukimbilia, ana mpira wa kuwazungusha wakubwa, na refa yupo kumlinda asiguswe ovyo.

Ulingoni hakuna pa kukimbilia. Ngumi ya mtu wa kilo 75 ina uzito wa mwili mzima nyuma yake, na kichwa kinachoipokea kikiwa cha mtu wa kilo 60, tofauti ile inaingia moja kwa moja kwenye ubongo. Kwenye mieleka, mzito akikulalia juu, nguvu zako zote zinaishia kumbeba. Ndiyo maana michezo hii ikagawanywa kwa uzito. Mpango huo uliwekwa kumlinda mdogo.

Shida ni kwamba mizani haijui uzito wa kweli wa mtu. Inajua uzito wake kwa dakika moja aliyosimama pale. Mpiganaji anayeishi na kilo 56 akijikausha hadi 50 kwa dakika hiyo, kisha akanywa na kula, anapigana na watu wa kilo 50 akiwa na mwili mkubwa kuliko wao. Wapinzani wake wanalijua hilo, nao wanajikausha. Mwisho wa siku kila mtu amejikausha, faida imeyeyuka, na wote wanaingia kwenye mchezo miili ikiwa imechoka. Hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kuacha.

Vinesh aliingiaje kilo 50?

Vinesh hakuwa mtu wa kilo 50. Kwa miaka ya karibuni alikuwa akicheza kilo 53, na hata huko alikuwa akishuka. Agosti 2023 alifanyiwa upasuaji wa goti. Alipokuwa nje, chipukizi Antim Panghal alishinda shaba ya dunia kwenye kilo 53 na kuipatia India nafasi ya Olimpiki ya uzito huo.

Olimpiki ni ngumu kwa jambo hili. Mieleka ya wanawake Paris ilikuwa na madaraja sita tu: kilo 50, 53, 57, 62, 68 na 76, na kila nchi inaruhusiwa mtu mmoja kwa kila daraja. Mashindano mengine yana madaraja ya katikati kama kilo 55 na 59, lakini Olimpiki hayapo. Mtu ambaye mwili wake unakaa kwenye kilo 55 au 56 hana nyumba pale. Anachagua kupanda hadi 57 akakutane na wakubwa, au kushuka. Vinesh akachagua kushuka hadi 50.

Asubuhi ya Agosti 6 alipimwa kwa mara ya kwanza akasoma kilo 49.9. Akapita. Kisha akafanya maajabu. Pambano la kwanza alipangiwa Yui Susaki wa Japan, bingwa mtetezi wa Olimpiki ambaye alikuwa hajawahi kupoteza pambano la kimataifa. Susaki aliongoza 2-0 hadi sekunde za mwisho, Vinesh akamwangusha, akashinda 3-2. Ilikuwa kama timu ya daraja la kwanza kuifunga Real Madrid dakika ya 90. Baadaye akamtoa Oksana Livach wa Ukraine kwa 7-5, na jioni kwenye nusu fainali akamchapa Yusneylis Guzman wa Cuba 5-0.

Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Mtu aliyejikausha hawezi kupigana mapambano matatu bila kula wala kunywa. Daktari mkuu wa msafara wa India, Dinshaw Pardiwala, alieleza kwamba kwa kawaida chakula na maji ya Vinesh ya siku nzima yalikuwa yakimwongezea kilo 1.5 hivi. Siku ile, kwa sababu ya mapambano matatu, alipewa maji kidogokidogo asizimie. Alipopimwa jioni, uzito ulikuwa umepanda kuliko walivyozoea: kilo 52.7.

Kanuni ya mieleka inataka watakaocheza siku ya pili, wakiwemo wa fainali, wapimwe tena asubuhi yake, kwa uzito uleule na bila nyongeza. Kwa hiyo walikuwa na kama saa kumi na mbili za kutoa kilo 2.7.

Usiku wa kuamkia mizani

Kilo 2.7 kwa mtu wa kilo 50 ni zaidi ya asilimia tano ya mwili wake. Ili shabiki aelewe, achukue mwanaume wa kilo 70: ni sawa na kumwambia atoe karibu kilo nne kabla hakujapambazuka, na kesho yake acheze fainali.

Mafuta hayawezi kutoka kwa usiku mmoja kwa kiasi hicho. Kinachotoka ni maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kazi ya kambi ilikuwa kumtoa dada huyo zaidi ya lita mbili na nusu kwa jasho, bila kumrudishia hata tone.

Kocha wake, Mhungaria Woller Akos, baadaye alisimulia usiku ule ulivyokwenda. Walianza na mazoezi ya saa moja na dakika 20, bado kilo 1.5 zikabaki. Wakamwingiza sauna kwa dakika 50, lakini jasho halikutoka hata tone. Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa kwenye mashine za mazoezi na kupiga mieleka, kama dakika 45 mfululizo, anapumzika dakika mbili au tatu, anaanza tena. Alianguka. Wakamwinua, wakamrudisha sauna kwa saa nzima. Kocha alikiri kwamba alihofia angeweza kufa.

Kulipokucha, hatua zikawa za kukata tamaa. Nywele zilikatwa. Nguo zikapunguzwa urefu. Bado gramu 100 zikabaki. Badala ya kwenda kupasha misuli, Vinesh aliishia kwenye zahanati ya kijiji cha wanamichezo akitibiwa upungufu wa maji mwilini.

Jasho linapogoma

Kwenye simulizi ile, jambo la kutisha zaidi kwa daktari ni zile dakika 50 za sauna bila jasho.

Jasho linatoka kwenye damu. Mtu akianza na mwili uliojaa maji, kilo ya kwanza hutoka haraka, kwa sababu akiba ipo. Sehemu ya akiba hiyo ni wanga uliohifadhiwa kwenye misuli, ambao kila gramu yake hushika karibu gramu tatu za maji. Ndiyo maana wapiganaji huacha ugali, wali na mkate siku chache kabla ya mizani, na pia huacha chumvi, kwani nayo hushikilia maji.

Lakini akiba ikiisha, maji yanayofuata hutolewa kwenye damu yenyewe. Damu inapungua na kuwa nzito, moyo unalazimika kupiga haraka zaidi ili ufanye kazi ileile, na mwili unaanza kujilinda. Figo zinabana mkojo. Damu ya kwenda kwenye ngozi inapungua, na jasho linakatika.

Jasho ndilo linalopoza mwili. Likikatika huku mtu yuko kwenye chumba cha joto, amevaa suti ya mpira na anaendesha baiskeli ya mazoezi, joto lote la misuli linabaki ndani. Hapo ndipo mtu huanza kuongea ovyo, kuyumba, kutojua yuko wapi, halafu anaanguka. Madaktari wanaita kiharusi cha joto, na kinaua. Asiyejua hudhani jasho likikatika maana yake uzito umefika mwisho, kwa hiyo anaongeza moto. Ilitakiwa iwe ndiyo alama ya kusimamisha kila kitu.

Kuyarudisha maji nako si kazi ya dakika tano. Tumbo halipitishi maji bila kikomo. Ukinywa mengi kwa mpigo bila chumvichumvi, mengi yanaishia chooni. Wapo waliokuwa wakikimbilia dripu, lakini kanuni za kupinga dawa zisizoruhusiwa michezoni zinakataza kuwekewa zaidi ya mililita 100 kwa kila saa 12, isipokuwa kwa matibabu ya hospitali. Kwa hiyo aliyejikausha sana asubuhi huenda akaingia kwenye pambano la mchana bado mkavu.

Wengine walipita tundu la sindano

Vinesh alikata rufaa kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) akiomba apewe japo fedha ya pamoja. Hoja zake zilieleweka: siku ya kwanza alipimwa akapita, na mwili wa mwanamke hushika maji zaidi siku zinazokaribia hedhi. Agosti 14 rufaa ilitupwa. Msuluhishi alikubali kwamba adhabu ni kali mno kwa mtu ambaye hakufanya udanganyifu wowote, ila akasema kanuni iko wazi na ni moja kwa wote. Guzman, aliyepigwa 5-0, ndiye aliyepanda fainali, akafungwa na Mmarekani Sarah Hildebrandt.

Lakini tusidhani Vinesh alikuwa peke yake usiku ule. Siku mbili baadaye mwenzake wa timu hiyohiyo, Aman Sehrawat wa kilo 57, alitoka nusu fainali akiwa na kilo 61.5. Naye akapitishwa kwenye maji ya moto, sauna na mashine za kukimbilia usiku kucha, akatoa kilo 4.6 kwa muda wa kama saa kumi. Asubuhi mizani ikasoma chini ya 57, jioni akavaa shaba. Huyo akapokelewa kama shujaa.

Aliyemfunga Aman kwenye nusu fainali na baadaye kuchukua dhahabu ni Rei Higuchi wa Japan. Mwaka 2021 Higuchi alizidi uzito kwa gramu 50 kwenye mashindano ya kufuzu Olimpiki, akatolewa.

Kwa maana hiyo, Vinesh na Aman walifanya kitu kilekile, na kwa hesabu Aman ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Mmoja tunamwita mzembe, mwingine jasiri, kwa sababu tu ya namba iliyotokea kwenye mizani asubuhi.

Ngumi: mizani ya jana, pambano la leo

Mieleka hupima asubuhi ya siku ya kucheza. Ngumi za ridhaa nazo hivyohivyo. Ngumi za kulipwa ni tofauti: bondia anapimwa siku moja kabla, na ndivyo inavyofanyika hata kwenye mapambano ya hapa nchini, ambako picha za mabondia wakitazamana macho kwa macho baada ya kupima uzito huuza tiketi kuliko tangazo lolote.

Kuwapa saa 24 au zaidi kulikusudiwa kuwasaidia warudishe maji kabla ya kupigwa kichwani. Nia ilikuwa nzuri, maana ubongo wa mtu aliyekauka haustahili kupokea ngumi. Kumbe kwa kufanya hivyo mlango mwingine ulifunguliwa. Muda ukiwa mrefu, mtu anaweza kujikausha zaidi na bado akarudi amejaa.

Mfano ambao watu wa ngumi hawausahau ni wa Februari 26, 2000 kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Arturo Gatti na Joey Gamache walikubaliana wasizidi ratili 141, yaani kilo 64. Kambi ya Gamache ililalamika kwamba mizani ilisomwa harakaharaka, lakini pambano likaruhusiwa. Usiku uliofuata, kabla ya kupanda ulingoni, Gatti alipimwa akawa na ratili 160, sawa na kilo 72.6. Gamache alikuwa na 145, kama kilo 66.

Kwenye karatasi walikuwa sawa. Ulingoni mmoja alimzidi mwenzake karibu kilo saba. Gamache alilala raundi ya pili, akaumia ubongo na hakupigana tena. Alishitaki mamlaka ya ngumi ya New York; mahakama ikakubali kwamba kulikuwa na uzembe kwenye upimaji, lakini hakulipwa fidia.

Kwa hiyo ukisogeza mizani karibu na pambano, mpiganaji anaingia mkavu. Ukiisogeza mbali, anaingia akiwa jitu mbele ya mtu mdogo. Kokote utakakoiweka, kuna mtu atakayeumia.

Dawa ya Tottenham

Promota wa siku hizi wamebuni dawa nyingine, na shabiki wa soka aliiona kwenye uwanja anaoujua. Aprili 26, 2025, Chris Eubank Jr na Conor Benn walijaza Uwanja wa Tottenham Hotspur, jijini London.

Eubank ni bondia wa uzito wa kati, ambao mwisho wake ni ratili 160, kilo 72.6. Benn alikuwa akitokea ratili 147, kilo 66.7, madaraja mawili chini. Ili mdogo alindwe, mkataba ukawekewa kipengele: baada ya kupima Ijumaa, wapimwe tena asubuhi ya Jumamosi, na hakuna ruhusa ya kuzidi ratili 170, kama kilo 77. Kwa lugha rahisi, Eubank alikatazwa kunywa na kula mpaka atosheke.

Ijumaa alipanda mizani akazidi, akapewa muda, akapanda tena: ratili 160.05. Hizo pointi sifuri tano ni kama gramu 23, uzito wa vijiko vidogo vitano vya maji. Zilimgharimu pauni 375,000. Kesho yake alipita mizani ya pili, akapigana raundi zote 12 na kushinda kwa pointi. Baada ya pambano wote wawili walipelekwa hospitali kuangaliwa.

Kipengele hicho kilimlinda Benn, hilo halina ubishi. Lakini kilimlinda kwa kumzuia mwenzake kurudisha maji, wakati lengo la kupima siku moja kabla lilikuwa ni kumpa bondia nafasi ya kuyarudisha. Eubank angeweza kuepuka hatari hiyo kwa kukataa mkataba, ila fedha zilizokuwa mezani si za kukataa.

Baba yake, Chris Eubank Sr, alikuwa na sababu ya kuhofia. Mwaka 2022, pambano hili lilipopangwa mara ya kwanza kwa ratili 157, alipinga hadharani mwanaye kushuka uzito kiasi hicho. Mzee huyo ndiye aliyepigana na Michael Watson Septemba 1991 kwenye White Hart Lane, uwanja wa zamani wa Tottenham uliokuwa palepale. Watson alitoka kwa machela, akazimia kwa siku 40 na kubaki na ulemavu. Hakuna anayesema Watson aliumia kwa sababu ya mizani, lakini Eubank Sr ameona kwa macho yake mpiganaji akipoteza maisha yake ya kawaida kwa usiku mmoja.

Novemba 2025 walirudiana uwanja uleule, kipengele kilekile kikiwepo. Safari hii Benn akashinda kwa pointi.

Vyuo vya Marekani vilivyobadilika baada ya misiba

Kuna sehemu moja ilijaribu njia tofauti, lakini baada ya misiba. Kati ya Novemba 7 na Desemba 9, 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walifariki wakipunguza uzito. Walikuwa na miaka 19, 21 na 22. Kila mmoja alikuwa chuo chake, jimbo lake. Wote walikuwa wamevaa suti zisizopitisha jasho na wakifanya mazoezi kwenye joto ili wafike kilo zilizotakiwa.

Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kikapiga marufuku suti hizo, sauna na vyumba vya moto. Mizani ikasogezwa hadi karibu kabisa na pambano. Jambo kubwa zaidi, kikaanza kumpima mtu kabla ya msimu na kuamua ni uzito gani wa chini kabisa anaoruhusiwa kushukia.

Inafanyika hivi. Kwanza mkojo wake unapimwa kwa kifaa kidogo kinachoonyesha umekolea kiasi gani ukilinganishwa na maji safi. Ukizidi 1.020, amekauka, hapimwi uzito siku hiyo. Akiwa na maji ya kutosha, anapimwa uzito na kiasi cha mafuta mwilini. Mwanaume haruhusiwi kushuka chini ya asilimia tano ya mafuta, na haruhusiwi kupunguza zaidi ya asilimia 1.5 ya mwili wake kwa wiki.

Tuchukue kijana wa kilo 70 mwenye asilimia 12 za mafuta. Mafuta yake ni kilo 8.4, mwili uliobaki ni kilo 61.6. Ukimwachia asilimia tano tu za mafuta, uzito wake wa chini kabisa unakuwa kama kilo 64.8. Akitaka kucheza kilo 65, ruksa, ila atatumia karibu wiki tano kufika huko, kwa kula vizuri na kufanya mazoezi. Akitaka 61, jibu ni hapana, hata kama kocha anamhitaji huko, na hata kama yeye mwenyewe ameapa ataweza.

Njia hii si kinga kamili, kwani mtu mjanja anaweza kujijaza maji siku ya kipimo na kujikausha baadaye. Tofauti yake ni kwamba uamuzi unafanyika miezi kabla, mezani, mtu akiwa na akili timamu. Kwa Vinesh uamuzi ulifanyika saa sita usiku, kwenye chumba cha mazoezi, fainali ya Olimpiki ikimsubiri, na hakuna hata mmoja pale aliyekuwa na nafasi ya kusema basi.

Cha kutazama siku ya mizani

Ngumi za kulipwa duniani hazina kipimo cha aina hiyo cha lazima kwa wote. Kuna mamlaka nyingi, mikanda mingi, na promota anayetaka mtu wake ashuke atapata ulingo wa kumpokea. Mieleka ya Olimpiki nayo imebaki na mizani ya asubuhi mbili na bila nyongeza, ingawa baadhi ya mashindano mengine ya kimataifa huruhusu kilo mbili za ziada.

Shabiki hana nguvu ya kubadilisha kanuni, lakini ana macho. Picha za kupima uzito zinapotoka, wengi hutazama nani ana misuli na nani ametukana nani. Tazama midomo kama imepasuka. Tazama macho yaliyozama na mashavu yaliyoingia ndani. Tazama bondia anayeshikwa mkono kupanda ngazi mbili za jukwaa, au anayevua hadi nguo ya ndani nyuma ya taulo ili apunguze gramu chache. Anayenyakua chupa ya maji kabla hata namba yake haijamaliza kutangazwa, huyo usiku wake ulikuwa mrefu.

Kesho yake akichoka raundi ya nne, au akianguka kwa ngumi ambayo siku zote huimeza bila kutetereka, usikimbilie kusema amenunuliwa au hana moyo. Huenda alipigwa mapema zaidi, na mizani.